Mkia wa Kina: Jinsi Usuhuba Unavyovunjika katika Mishororo 19

Mahali ulipo leo ukumbi mkubwa wa mikutano na wa muziki wa mji wa Birmingham, kando ya barabara ya Broad Street, palikuwa hapo kale na nyumba iliyoitwa Bingley, makazi ya jamaa ya Lloyd, watu wa madhehebu ya Waquaker na wenye benki. Na katika jamaa hiyo alizaliwa mwaka 1775 kijana Charles Lloyd, ambaye baba yake alimtaka akae mezani pa hesabu na yeye akataka kutunga mashairi. Mwezi wa Septemba mwaka 1796 mshairi Samuel Taylor Coleridge alikuwa mgeni wa jamaa hiyo, na alipoletewa habari kwamba mkewe amejifungua mtoto wa kiume alirejea mbio Bristol akifuatana na kijana huyo, kwa maana walikuwa wamekwisha agana kwamba Lloyd akae kwake kama mwanafunzi na sahibu, na alipe pauni 80 kwa mwaka kwa chakula, malazi na mafunzo.

Kabla ya mwaka kutimia mkao ule ulikwisha. Mwezi wa Oktoba mwaka 1797 kilitoka kitabu cha mashairi ya Coleridge kilichotiwa ndani mashairi ya Lloyd na ya Charles Lamb, nacho kilibeba katika ukurasa wa mbele maneno ya Kilatini, ambayo Coleridge aliyatunga mwenyewe na kuyasingizia kwa mtu mwingine, yakiomba kwamba mauti wala urefu wa zamani usiifungue kamba ya usuhuba wao. Mwezi uliofuata, katika gazeti la Monthly Magazine, zilitokea soneti 3 zilizotiwa saini ya jina la kubuni, Nehemiah Higginbottom, na mtungaji alikuwa Coleridge yule yule, akiiga kwa dhihaka mtindo wake mwenyewe na wa hao masahibu wawili. Lloyd naye, mwaka 1798, akatoa riwaya iitwayo Edmund Oliver, ambayo shujaa wake ana afyuni ya Coleridge na uaskari wa Coleridge, yaani siri zilizosikiwa mezani zikauzwa dukani.

Ninaianza habari hii na soneti zile kwa sababu zinatufundisha kwanza namna ambayo kazi hii haifanyiki. Uchungu umo ndani yake, lakini sauti yake ni moja tangu mwanzo hata mwisho, nayo ni sauti ya kejeli. Na kejeli isiyotanguliwa na sauti nyingine haivunji kitu, kwa maana msomaji hakuonyeshwa kilichokuwa kizima. Mtu azisomaye leo bila ya mwalimu wa kumweleza nani alikuwa nani hatajua kwamba hapo palikuwa na usuhuba hata kidogo. Mpasuko wataka pande mbili, na shairi lisilo na upande wa kwanza lina chuki tu.

Miaka 3 baada ya soneti zile, mwaka 1800, akiwa Keswick katika nchi ya maziwa, Coleridge aliandika sehemu ya pili ya utenzi wake wa Christabel, ambao ulipigwa chapa mwaka 1816; na ndani ya sehemu hiyo iko mishororo 19 ambayo mimi naihesabu kuwa ndiyo jawabu la kweli la mambo yale, ijapokuwa hakumtaja humo Lloyd wala mtu mwingine yeyote aliyepata kugombana naye. Kisa ni hiki: Sir Leoline, mzee mwenye ngome, anaambiwa na binti mgeni kwamba baba yake ni Roland de Vaux, mzee akabadilika rangi, akalinong'ona jina hilo, na hapo msimulizi akakisimamisha kisa chake ili atueleze kwamba watu hao wawili walipendana ujanani. Nataka tuifuate mishororo hiyo kwa hatua, bila kuinukuu, tukisikiliza sauti inageukia wapi.

Yaanza kwa kiguno cha huzuni, kama sisi tusemavyo "ole", na kitendo cha wakati uliokwisha pita kabla ya wakati wa kisa: walikuwa wamekwisha kuwa marafiki. Msomaji ajua papo hapo kwamba jambo limekufa. Lakini badala ya kutuambia limekufaje, msimulizi anakimbilia hikima za watu wote, na vitendo vyake vinahamia wakati uliopo: kwamba ndimi zinong'onazo hutia sumu katika kweli, kwamba uthabiti una makao yake juu mbinguni, kwamba maisha yana miiba na ujana ni ubatili, na kwamba kumghadhibikia umpendaye ni kama wazimu ubongoni. Kuanzia mshororo wa 3 hadi wa 7 kiunganishi chake ni "na", na tena "na", mara 5, hata ikawa hikima hizo hazipangwi kwa daraja wala hazifafanuliwi, zinarundikwa tu. Wasomaji wengi hupita hapo wakidhani ni mapambo ya methali. Kwa rai yangu ndiyo sauti ya mtu anayeogopa kufika: kila methali ni hatua moja zaidi ya kuchelewesha lile neno ambalo lazima litamkwe. Tena tazama mfuatano wake, kwa maana methali ya kwanza inawalaumu wengine, wale wenye kunong'ona. Za katikati zinailaumu dunia. Na ya mwisho inamrudia mwenye hasira mwenyewe. Amekwenda kutoka nje hadi ndani ya fuvu la kichwa chake ilhali ajidai anasema habari za kila mtu.

Kisha, katika mshororo wa 7, anasema kwamba hivyo ndivyo ilivyotukia, kwa kadiri anavyokisia, kwa Roland na Leoline. Neno hilo la kukisia ni dogo na ni zito. Halafu sauti inakauka. Methali zakoma, vitendo vyarudi wakati uliopita, na tunaambiwa kwamba kila mmoja alimtamkia maneno ya dharau na matukano ndugu aliye bora moyoni mwake. Maneno yenyewe hatupewi. Katika majibizano ya pwani yetu, kama yale ya Muyaka wa Mombasa, aliyekuwa rika moja na watu hawa, mtunzi humkabili hasimu wake ana kwa ana na tusi hulisikia sote, likiwa limepangwa kwa vina. Hapa tusi limefunikwa, na kufunikwa kwake kunalifanya liwe lolote ambalo msomaji mwenyewe amewahi kulitamka.

Mshororo wa 11 ndio mpasuko. Waliachana, baada ya kitendo hicho kistari kirefu chaikata pumzi, kisha twaambiwa hawakukutana tena kamwe. Lakini sikio limekwisha pewa habari mshororo mmoja kabla, na hili ndilo jambo ambalo nimelisoma mara nyingi kabla ya kulisikia.

Katika dibaji yake ya mwaka 1816 Coleridge alieleza kwamba mizani ya utenzi huu huhesabiwa kwa mikazo na si kwa silabi: silabi zaweza kuwa 7 zikafika 12, lakini mikazo ni 4 katika kila mshororo. Sasa, kina cha Kiingereza chaweza kufungwa kwa silabi yenye mkazo, na hapo mshororo husimama wima kama mlango uliofungwa. Au chaweza kuburura nyuma yake silabi isiyo na mkazo, na hapo mshororo huwa na mkia, sauti ikaanguka. Katika mishororo 9 ya kwanza ya kipande hiki hakuna hata kina kimoja chenye mkia. Mkia wa kwanza unatokea katika mshororo wa 10, na neno linaloubeba ni lile lenye maana ya "ndugu", neno lile lile linalotukanwa. Tangu hapo hadi mshororo wa 17 mikia ni 6, ikifuatana karibu bila ya kupumzika: ya ndugu na ya mwingine, ya kuumwa na ya kubaki, ya kupasuka na ya radi. Sauti iliyokuwa ikisimama haisimami tena. Fauka ya hayo, iko sauti moja ya kina iliyokuwamo tangu zamani, katika neno la ubatili na neno la ubongo, ikarudi katika dharau na katika "tena" ya "kamwe tena", nazo zote zimefungwa. Ikija kurudi baada ya mpasuko, katika maumivu na makovu yabakiayo, ni sauti ile ile lakini imeota mkia. Msomaji asikiaye bila kujua kwa nini ataona kwamba kitu anachokifahamu kimelegea.

Ndipo inakuja sura ya majabali mawili yaliyokuwa jabali moja, na bahari ya ukiwa ikipita katikati yake, na kwamba joto, baridi kali wala radi haviwezi kuzifuta kabisa alama za kilichokuwa. Hasira imetoweka, hakuna neno la chuki hata moja, msimulizi anaeleza mawe na hali ya hewa kwa utulivu, na utulivu huo ndio mchungu kuliko matukano. Vina vya mwisho vinajifunga upya, vitatu vya sauti moja, na katikati yake anarudia kusema "nadhani" mara ya pili. Mara ya kwanza alikisia sababu. Sasa anakisia kudumu kwa kovu. Baina ya makisio hayo mawili mna jambo moja tu lisilokisiwa, nalo ni kuachana. Mwaka 1813, alipokuwa amefarakana na Wordsworth, Coleridge alimwandikia rafiki yake Thomas Poole kwamba mishororo hii ndiyo iliyo bora na tamu kuliko yote aliyopata kuiandika.

Mtu atakayejaribu kuyaleta haya katika Kiswahili atakutana na kizuizi ambacho bidii haiwezi kukiondoa: maneno yetu hukazwa katika silabi ya pili kutoka mwisho na kuishia kwa irabu, basi kila kina chetu kina mkia tangu kuumbwa kwake, na mkia hauwezi kuwa alama ya kuanguka mahali ambapo mishororo yote huanguka. Lakini sisi tunacho kibwagizo, ambacho utenzi ule hauna. Tuseme mtunzi amekiweka hiki, cha mizani 16: "Sahibu wangu karibu, mlango sijaufunga." Katika ubeti wa kwanza, mgeni yu njiani na chakula ki motoni, nacho ni cha furaha. Katika ubeti wa tatu, ndimi zimekwisha nong'ona, na mstari ule ule una haraka ya mtu anayekana neno ambalo hakuulizwa. Katika ubeti wa mwisho sahibu amekwenda zake, miaka imepita, mvua inaingia kizingitini. Mtunzi asibadili hata silabi moja, wala asiongeze neno la huzuni, maana akiongeza ameharibu. Mlango bado u wazi, na msomaji ndiye atakayeisikia baridi.