Gololi Isiyogusa Kitu

Gololi ya feleji inayoelea chini ya sumaku-umeme, bila uzi wala kishikizo, humwonyesha mtazamaji utulivu ambao kwa hakika haupo, kwa kuwa katika kila sekunde imekwisha kuanza kuanguka mara nyingi na mara zote imerudishwa. Ufundi wa kazi hii haumo katika ukubwa wa sumaku, bali katika kujua ni lini mkondo wa umeme uongezwe na ni lini upunguzwe. Mwaka 1842 Samuel Earnshaw, mwanahisabati Mwingereza, alithibitisha kwamba nguvu zinazopungua kwa mraba wa umbali haziwezi peke yake kukiweka kitu mahali pamoja kwa utulivu; na hoja hiyo ilipopanuliwa baadaye, ikakihusu pia chuma kinachovutwa na sumaku isiyobadilika. Anayetaka gololi ielee chini ya sumaku ya namna hiyo, basi, hana budi kuibadilisha sumaku yenyewe muda wote.

Mvuto wa sumaku-umeme juu ya gololi hukaribia kulingana na mraba wa mkondo ukigawanywa kwa mraba wa pengo, yaani nafasi iliyo kati ya uso wa sumaku na gololi. Ichukuliwe kwamba gololi inashikika sawasawa na uzito wake pengo likiwa milimita 10 na mkondo ukiwa ampea 0.8. Mahali hapo panaitwa msawazo, na kuinyoosha modeli ni kuuacha mpindo wa kanuni hiyo na kuutazama mstari mnyoofu unaougusa mpindo hapo hapo. Hesabu yake ni nyepesi: pengo likiongezeka kwa asilimia moja, mvuto hupungua kwa takriban asilimia mbili, na mkondo ukiongezeka kwa asilimia moja, mvuto huongezeka kwa asilimia mbili. Ikiwa y ni umbali ambao gololi imeshuka chini ya msawazo, na u ni mkondo ulioongezwa juu ya ule wa ampea 0.8, kanuni ya pili ya Newton huandikwa hivi:

y'' = (2g/x0) y − (2g/i0) u

Herufi x0 ni pengo la msawazo, i0 ni mkondo wake, na y'' ni mchapuko wa gololi. Uzito wa gololi haumo, maana umekwisha kuhesabiwa ndani ya i0, na hili huwashangaza wengi wanaoikuta hesabu hii mara ya kwanza.

Mkondo ukiachwa bila kuguswa, yaani u ikiwa sifuri, mlinganyo huu una mizizi miwili, ambayo wahandisi wa udhibiti huiita ncha, neno lisilohusiana hapa na ncha za sumaku. Kwa pengo la milimita 10, 2g/x0 ni 1962, na ncha zake ni −44.3 na +44.3. Ile ya hasi ni mwendo unaofifia wenyewe, hauna madhara. Ile ya chanya ndiyo msiba wote, kwani ni mwendo unaojilisha: gololi ikishuka kidogo, mvuto hupungua, na mvuto ukipungua, gololi hushuka zaidi. Gololi iliyoachiwa milimita 0.1 tu chini ya msawazo huwa imefika milimita 1 kabla ya milisekunde 70 kwisha, muda ambao hakuna mkono wa binadamu ungewahi kuusogeza mkondo.

Rai ya kwanza inayomjia mtu ni kuongeza mkondo kwa kadiri gololi ilivyoshuka, yaani u = Kp·y, ambapo Kp ni kizidisho kinachochaguliwa na fundi. Rai hiyo ni nusu ya kweli. Katika modeli hii mkondo wa kuishikilia gololi hulingana na pengo lenyewe, kwa hiyo kila milimita inayoongezeka huhitaji ampea 0.08 zaidi; kidhibiti kinachotoa pungufu ya hapo huwa kinakimbizana na gololi bila kuifikia, na gololi huanguka, au huruka juu na kugonga sumaku. Kinachotoa zaidi ya hapo huirudisha kweli, lakini huirudisha kama springi isiyo na msuguano: gololi hupita msawazo, hurejea, hupita tena, na kwa kuwa mkondo ndani ya koili huchelewa kidogo kuifuata amri, kila mpito huwa mkubwa kuliko uliotangulia.

Kinachokosekana ni kuijua kasi. Mshika usukani hodari hangoji omo la jahazi lifike kwenye mstari wa safari ndipo aurudishe usukani. Huurudisha mapema, akitazama jinsi omo linavyokuja kwa haraka. Kidhibiti cha PD hufanya hivyo hivyo, kwa kuwa hujumlisha sehemu mbili, P inayolingana na kosa na D inayolingana na kasi ya kosa:

u = Kp·y + Kd·y'

Kd ikiwa chanya, springi ile hupata msuguano wake. Kwa mfano huu, Kp ya ampea 160 kwa mita, mara mbili ya kima cha chini, pamoja na Kd ya 2.53, huzihamisha ncha zote mbili upande wa hasi, na gololi iliyosukumwa hurudi kwa kupita msawazo kidogo sana kisha ikatulia.

Hapa ndipo modeli inapomfaa fundi kuliko jaribio lolote la kubahatisha. Ikiwa kucheleweshwa kwa mkondo na koili kutawakilishwa kwa muda τ, sharti la utulivu hubaki lile la Kp, na huongezeka moja: Kd/Kp izidi τ. Muda ambao D inaangalia mbele uzidi muda ambao koili inachelewa, basi. Kwa vizidisho vilivyotajwa, Kd/Kp ni milisekunde 15.8, na koili yenye uchelewaji wa milisekunde 20 haiwezi kuielesha gololi hii hata Kp iongezwe kiasi gani. Kuiongeza Kp peke yake huzidisha ubaya. Dalili yake ni gololi kuyumba juu na chini kwa mapana yanayokua hadi inaanguka. Dalili iliyo kinyume ni sumaku kuguruma na koili kupata moto ilhali gololi haisogei: Kd imepita kiasi, na sehemu ya D inaukuza mtikisiko mdogo wa kipimaji cha mwanga kinachokisoma kivuli cha gololi. Kuuchuja mtikisiko huo hutuliza mlio, lakini kichujio nacho huchelewesha, na ucheleweshaji huo hutolewa katika akiba ile ile ya milisekunde 15.8.

Ubora wa PD una mpaka wake. Gololi ikibadilishwa kwa nyingine iliyo nzito zaidi kwa asilimia tano, kidhibiti hiki huielesha pia, ila chini kidogo ya mahali palipokusudiwa, kwa sababu mkondo wa ziada unaohitajika hauwezi kupatikana bila kosa la kuuzaa. Kwa hesabu hii kosa hilo ni robo ya milimita. Ipo tiba yake, nayo ni kuongeza sehemu ya tatu inayokusanya kosa kadiri muda unavyopita, lakini sehemu hiyo hupunguza akiba ya utulivu. Kwa anayetaka gololi ielee tu, robo milimita si deni la kulipiwa kwa bei hiyo.