Maelezo ya Picha Yenye Ukungu: Mfano wa Ngamia wa Garissa

Maelezo ya picha ni utanzu mfupi mno, na kwa hiyo uongo wake hauna pa kujificha. Jambo hili hudhihirika zaidi pale picha yenyewe inapokuwa na kasoro.

Ichukuliwe picha iliyopigwa kandoni mwa mji wa Garissa, ngamia wakirudi zizini magharibi. Huko karibu na ikweta utusitusi ni mfupi: nusu saa haipiti baada ya jua kutua kabla ya giza kuingia. Mwanga unapopungua, kamera huhitaji muda mrefu zaidi wa kuupokea, na chochote kinachosogea katika muda huo huacha mfuo. Katika picha hii mgunga umeonekana wazi, bali miguu ya ngamia imekuwa kama moshi.

Mtu aweza kuandika: “Samahani, picha haikutoka vizuri.” Kitenzi “haikutoka” kinamficha mtenda, nalo neno “samahani” lamfanya msomaji kuwa mdai. Mwingine ataandika: “Uzuri umo katika kasoro.” Hayo yanaifaa picha yoyote, basi hayaifai hii. Wa tatu aandike: “Mgunga umesimama, ngamia hakungoja.” Hapa kiambishi “-me-” chaonyesha hali inayodumu machoni mwa mtazamaji, na “hakungoja” chamrudishia mnyama hiari yake. Kasoro imekuwa habari.

Hata hivyo, usemi huo una mpaka. Lau mgunga nao ungalikuwa na ukungu uleule, aliyetikisika angalikuwa mpiga picha, na kumsingizia ngamia kungalikuwa uzushi. Hapo lililo sahihi ni: “Mkono haukutulia.” Kilicho mbali kikiwa wazi na cha karibu kufifia, kosa ni la kulenga lenzi.

Kwamba tofauti hii si ndogo huthibitishwa na picha za Robert Capa za kutua kwa majeshi ya Marekani huko Normandia, tarehe 6 Juni 1944. Jarida la Life, lilipozichapisha mwezi huohuo, lilieleza kuwa msisimko wa wakati ule ulimfanya Capa aitikise kamera. Katika kitabu chake cha mwaka 1947, Capa alilalamikia maelezo ya namna hiyo, akidai kuwa filamu ziliharibiwa na joto katika chumba cha kusafishia. Tangu mwaka 2014 dai hilo nalo limetiliwa shaka kubwa na watafiti. Ukungu ni uleule. Kilichobishaniwa ni sentensi iliyo chini yake, kwani ndiyo iliyoamua kama mtu yule alitetemeka au hakutetemeka.

Basi maelezo mema ya picha mbovu hayaombi radhi wala hayajigambi. Huitazama kwanza, yakatambua ni nini kilichosogea, kisha yakakipa kitenzi chake.