Vidole Vitatu na Alama ya Kalamu

Mchimbaji wa Bulyanhulu anaweza kuvumilia jino bovu mpaka uvimbe ukajaa chini ya taya na ulimi ukasukumwa juu. Anapoletwa kukamuliwa usaha, kazi ngumu ya kwanza ni ya mtaalamu wa nusukaputi, na kazi hiyo huanza kabla dawa haijavutwa kwenye sindano.

"Kaka, achama kadiri unavyoweza." Mtu mzima asiye na shida hupitisha vidole vyake vitatu kati ya meno ya juu na ya chini. Tuseme huyu anapitisha kimoja na nusu. Fundi haishii kwenye kipimo, anatafuta sababu. Taya lililokazwa na maumivu huenda likalegea mgonjwa akilala, lililozuiwa na uvimbe halilegei. Kwa kuwa hawezi kuwa na hakika ni lipi, anapanga kama halitalegea.

Kisha anamwomba atazame dari. Hapo jicho la fundi liko kwenye kiungo cha fuvu na shingo, maana wagonjwa wengi huegemeza mgongo nyuma, ukadhani shingo imekunjuka.

Mwisho anashika koo. Anatikisa kongomeo taratibu kwa vidole, anateremka katikati hadi kwenye kibonde kidogo juu ya pete ya gegedu, na kukitia alama ya kalamu shingo ikiwa imenyooshwa, kwa sababu ngozi huhama shingo ikikunjwa. Utando wa hapo ndio mlango wa dharura: kisu namba 10, buji, na mrija namba 6. Kisu hukata kwa kulala, huzungushwa makali yakaelekea miguuni, buji hupita ubavuni mwake, mrija hufuata. Uvimbe ukiuficha utando, mpango hubadilika: mkato mrefu wa wima katikati ya shingo, kisha vidole vitafute njia.

Sasa uamuzi. Mgonjwa huyu halazwi usingizi kwa kujaribu bahati. Akiwa anapumua kwa utulivu na anaweza kulala chali, hupelekwa akiwa macho, na msindikizaji na oksijeni, kwenye hospitali ya rufaa kama Bugando, Mwanza. Akitokwa udenda, sauti ikizibwa au pumzi ikikoroma, safari ni hatari kuliko kisu: njia ya hewa hufunguliwa shingoni papo hapo, kwa ganzi ya sindano.

Vipimo hivi vina mipaka. Utafiti wa Denmaki uliochapishwa 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 188,000, ulionyesha kwamba asilimia 93 ya waliokuwa wagumu kuwekewa mrija hawakutabiriwa. Ndiyo maana fundi mzuri hushika koo hata la mgonjwa anayeachama vizuri, akamwambia msaidizi wake kisu kiko wapi na nani atakishika, kisha ndipo anaruhusu dawa iingie.