Jina la Video na Swali la Mtafutaji

Video ya soko la Daraja Mbili, pale Kisii, mara nyingi hupewa jina na mtu aliyekwisha kufika. Huiita “Asubuhi Tamu Sokoni”, kwa kuwa ndivyo alivyoiona. Anayeitafuta hajafika. Yuko Nakuru, anataka ndizi za kwenda kuuza, na kwenye YouTube anaandika maneno makavu: “bei ya ndizi kisii”. Naupenda ufundi wa kuandika jina kwa sababu humlazimu mpiga video amsikilize mtu huyu kwanza.

Usikilizaji huo hufanyika hivi. Fungua kivinjari katika hali fiche, historia yako isiingilie, kisha andika “ndizi kisii” kwenye kisanduku cha kutafutia bila kubonyeza. Yanayochomoza chini yake hutokana zaidi na yale ambayo watu wamekuwa wakiyatafuta. Ongeza herufi moja, tazama, ibadilishe. Hutaambiwa ni watu wangapi, na pasipochomoza kitu usidhani hakuna anayeuliza; swali la mji mmoja huenda likawa na waulizaji wachache mno. Mwenye video kadhaa ana chanzo bora zaidi. Katika YouTube Studio, ndani ya Analytics, akifungua “YouTube search” ataona maneno yenyewe yaliyowaleta watazamaji.

Tuseme video yetu inamwonyesha mama muuzaji akitaja bei na kueleza mkungu upi ni wa kupika na upi wa kuivisha. Ningeiita “Bei ya Ndizi Kisii: Kuchagua Mkungu Soko la Daraja Mbili”. Jina huruhusiwa herufi 100, lakini simu huweza kulikata kabla halijaisha, ndiyo maana swali limetangulia. Neno “leo” nimeliacha kwa makusudi, maana bei huzeeka. Mwezi na mwaka nitaiandika kwenye maelezo. Humo pia, katika sentensi mbili za mwanzo, nitataja matoke, kwa ajili ya wanaoziita hivyo ndizi za kupika. Sentensi kamili, si rundo la maneno. Tagi zina msaada mdogo, ila hufaa kwa tahajia zinazokosewa, kama “darajambili”.

Kisha video yenyewe ijibu. Bei ikitajwa dakika ya tano, grafu ya utazamaji huporomoka mapema: wengi waliokuja kwa bei wameshaondoka. Utafutaji wa YouTube hauangalii kulingana kwa maneno peke yake. Huangalia pia jinsi watu wanavyoitazama video wakiitafuta kwa maneno hayo. Hapo ama bei isogezwe mwanzo, ama jina libadilishwe liseme kinachoonekana kweli. Mimi hubadilisha jina peke yake, picha ya jalada nikaiacha ilivyo, na baada ya wiki chache narudi kwenye orodha ya “YouTube search” kuangalia kama “bei ya ndizi kisii” imepanda.