Vita katika Hadithi: Nani Yuko Wapi?

Siku hizi tumesoma hadithi kadhaa zilizoandikwa na vijana wa pande zetu za Goma, na karibu kila moja ina watu wanaopigana. Katika moja yao wanaume wawili, Kambale na Bahati, wanakutana njiani juu ya deni. Mwandikaji anatueleza hivi: Kambale alimkuta Bahati, wakaanza kupigana, alimpiga ngumi, naye akamrudishia, akaanguka, akainuka, akamsukuma, akakamata jiwe, damu ikatoka. Tuliwasomea mafratri watatu maneno hayo, tukawauliza: Jiwe liko mkononi mwa nani? Wawili walijibu kwamba Bahati analo, wa tatu alisema Kambale. Na damu je? Hapo hakuna aliyethubutu kujibu.

Kosa hilo si la uvivu. Lugha yetu yenyewe inalisaidia. Katika Kiswahili, «akampiga» hutaja watu wawili bila kumtambulisha hata mmoja, maana «a-» ni ya Kambale sawasawa na ya Bahati. Anayesimulia kwa mdomo hana shida: anageuza uso, anainua mkono wa kuume kwa mmoja na wa kushoto kwa mwingine, nasi tunaona. Karatasi haina mikono. Basi tutazame mwandikaji mmoja ambaye sisi sote tunamjua, ila labda hatujamsoma kwa macho haya: yule aliyeandika sura ya 17 ya Kitabu cha kwanza cha Samweli.

Kabla ya pigo lolote, yeye anatandika uwanja. Wafilisti wamepiga kambi kati ya Soko na Azeka. Wanasimama juu ya mlima upande huu, Waisraeli juu ya mlima upande ule, na kati yao kuna bonde. Ni maneno machache tu, wala hakuna maelezo ya miti au ya mawingu. Lakini tangu hapo, mtu akisemwa kwamba ameshuka bondeni, tunajua ametoka wapi, na tunajua kwamba majeshi mawili yanamwona.

Kisha anatuonyesha silaha, kila moja mahali pake mwilini. Chapeo ya shaba iko kichwani mwa Goliati, vazi la magamba lenye uzito wa sikeli 5.000 (zaidi ya kilo 50) liko kifuani, shaba nyingine miguuni, na fumo la shaba kati ya mabega. Mbele yake anatembea mchukua ngao. Kwa upande wa Daudi tunaonyeshwa kwanza asichokuwa nacho: anavaa silaha za Sauli, anashindwa kutembea, anazivua. Ndipo anachagua mawe matano laini katika kijito na kuyatia mfukoni mwake. Kwa hiyo, wakati wa kupigana, mwandikaji hana haja ya kusimama ili kueleza. Mkono unaingia mfukoni, jiwe linatoka, linarushwa, linazama katika paji la uso. Shaba tuliihesabu mapema, na paji la uso halikuwamo katika hesabu ile.

Upanga nao wafaa kuangaliwa. Daudi hana upanga, na mwandikaji anakumbusha jambo hilo waziwazi. Atamkataje kichwa basi? Kwa upanga wa Goliati mwenyewe. Lakini upanga huo haukutajwa wakati tulipoonyeshwa chapeo, vazi na mikuki. Unatajwa baadaye, na Daudi mwenyewe, anapomwambia adui kwamba amekuja na upanga na mkuki. Hivyo Daudi anapokimbia na kusimama juu ya aliyeanguka, akauchomoa ule upanga katika ala yake, sisi hatushtuki. Ulikwisha kusikika uwanjani.

Tena, hasara imetangazwa mbele ya vita. Goliati amesema wazi: nikishindwa, sisi tutakuwa watumwa wenu, nikishinda, ninyi mtakuwa watumwa wetu. Bila maneno hayo tungeona mchungaji na askari tu. Kwa maneno hayo, kila hatua ya Daudi bondeni ni hatua ya watu wote walio mlimani. Angalieni vilevile ginsi anavyorudia majina: Daudi, Mfilisti, Daudi, Mfilisti. Haoni haya kurudia. Waandikaji wetu huona haya, nao wanapotea.

Hatusemi sura hiyo haina upungufu. Yule mchukua ngao alikuwa mbele ya Goliati walipokaribiana. Jiwe liliporuka, alikuwa wapi? Hakuna anayetuambia. Na kifo kinasimuliwa mara mbili, mara ya kwanza kwa jiwe, mara ya pili kwa upanga, hata msomaji makini anajiuliza ni kipi kilichoua.

Shida nyingine huja pale mpiganaji anapokwenda mahali ambapo wenzake hawamwoni. Kwa hilo tunaye mwalimu wa hapa Kivu ya Kaskazini. Mwaka 1956 Shekarisi Rureke, Mnyanga, alisimulia utendi wa Mwindo kwa siku 12. Biebuyck na Mateene waliuchapisha mwaka 1969. Mwindo anamfuata baba yake aliyekimbilia chini ya ardhi. Kabla ya kushuka anamwachia shangazi yake Iyangura ncha ya kamba: kamba ikitulia, ajue kwamba Mwindo amekufa. Huko chini Muisa anamwangusha. Mara moja tunarudi juu, kwa shangazi aliyeshika kamba isiyotikisika, naye anaomboleza. Kisha usinga wa Mwindo unamwamsha. Kamba moja inaunganisha mahali pawili, na inatuambia hasara bila neno la kueleza.

Turudi kwa Kambale na Bahati. Tumejaribu kuandika upya, tukikopa kwa Samweli:

«Njia ilitelemka kuelekea ziwani. Kambale alisimama upande wa juu, mkono wa kuume juu ya usukani wa chukudu iliyobeba magunia mawili ya makala. Pesa za shule ya binti yake zilikuwa ndani ya kitambaa kilichofungwa kwenye usukani. Bahati alisimama chini, katikati ya njia, mgongo wake kwenye ukuta wa mawe meusi ya volkano. Bahati akapanda hatua mbili, akampiga Kambale kifuani. Mkono wa Kambale ukaachia usukani. Chukudu ikatelemka, ikampita Bahati, ikagonga ukuta. Sasa kitambaa kilikuwa nyuma ya Bahati, na Kambale hakuwa na kitu mkononi.»

Ngumi ni moja tu, lakini baada yake kila kitu kimehama, na msomaji amekwisha kuona mahali jiwe litakapotoka: ukutani, karibu na mkono wa Bahati. Angalieni pia kwamba mkono, chukudu na kitambaa vimepewa vitendo vyao wenyewe. «Ukaachia», «ikatelemka», «kilikuwa»: kila kitu kina alama yake ya ngeli, wala hakichanganyiki na «a-» ya watu wawili.

Katika hadithi ya kijana yule kulikuwa na mtu wa tatu, mtoto aliyesukuma chukudu kwa nyuma. Sisi tumemwacha nje, kwa sababu kila tulipomweka nyuma ya magunia, chukudu ilipoponyoka hatukujua tumpeleke wapi. Mwandikaji anayemhitaji na amtafutie mahali kabla ya ngumi.