Dakika Zinazohesabika: Kijerumani cha Tamthilia na Mtihani wa Kusikiliza

Katika mtihani wa Kijerumani wa Goethe wa ngazi ya B1, kusikiliza ni moduli inayojitegemea. Ina dakika 40 na maswali 30, na anayepata chini ya alama 60 kwa 100 hajafaulu. Ukipatia maswali 18 umepata 60 kamili. Ukipatia 17 una 57, na moduli hiyo utairudia.

Muuguzi mmoja wa Mombasa, anayejiandaa kwenda Ujerumani kwa mafunzo ya kazi, alipata hizo 57 katika jaribio la nyumbani. Alishangaa, kwa sababu karibu kila usiku hutazama tamthilia ya Kijerumani, na njiani kwenda kazini masikio hayatoki kwenye nyimbo za Kijerumani. Alinijia na karatasi yake, akauliza saa zote hizo zimekwenda wapi.

Jibu lilikuwa kwenye karatasi yenyewe. Mtihani huu una sehemu nne. Ya kwanza ni vipande vitano vifupi, kama tangazo la redio au ujumbe wa simu, na kila kipande husikika mara mbili. Hapo alipatia maswali 8 kati ya 10. Ya pili ni mtu mmoja anayetoa maelezo, tuseme kiongozi wa watalii, nayo husikika mara moja tu: 2 kati ya 5. Ya tatu ni mazungumzo ya watu wawili, mara moja pia: 3 kati ya 7. Ya nne ni mjadala wa redioni unaosikika mara mbili, ambapo unatakiwa kujua nani kasema nini: 4 kati ya 8. Kwa hiyo kwenye sehemu za kusikia mara moja alipata 5 kati ya 12. Anapopewa nafasi ya kurudia sehemu ya kwanza, anajiokoa.

Nikamwuliza anatazamaje tamthilia zake. Manukuu, yaani yale maandishi yanayopita chini ya picha, alikuwa ameyaweka kwa Kiingereza. Hapo ndipo saa zake zilipopotelea. Waliokulia kwenye mabanda ya video wanajua jambo hili: DJ Afro akikusimulia filamu kwa Kiswahili, unatoka na kisa chote, lakini lugha ya waigizaji imekupita pembeni. Manukuu ya lugha unayoimudu hufanya kazi hiyohiyo kimyakimya. Watafiti Mitterer na McQueen walilipima jambo hili kwa Waholanzi waliotazama video zenye lafudhi ngumu za Kiingereza, ya Skoti na ya Australia, na wakachapisha matokeo mwaka 2009. Waliosoma manukuu ya Kiingereza baadaye waliitambua vizuri zaidi lafudhi ile, hata katika sentensi ambazo hawakuwahi kuzisikia. Waliosoma manukuu ya Kiholanzi walisaidika kwa sentensi walizokwishazikuta tu, na kwa sentensi mpya wakafanya vibaya zaidi.

Basi manukuu yawe ya Kijerumani. Lakini hata hayo yana mtego. Filamu ya Kimarekani iliyoingizwa sauti za Kijerumani mara nyingi ina manukuu yaliyotafsiriwa kivyake, na mdomo na maandishi havifanani. Jicho linasoma neno moja, sikio linapokea jingine, na mwanafunzi anadhani tatizo ni lake. Tazama kazi iliyotengenezwa kwa Kijerumani tangu mwanzo. Kwa ngazi hii nilimwelekeza kwenye Nicos Weg ya Deutsche Welle, inayotazamwa bure: kisa cha kijana wa Kihispania anayefika Ujerumani na kupoteza begi lake. Inakwenda kutoka A1 hadi B1, na manukuu yake yanafuata maneno yanayosemwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Anachagua kipande cha dakika mbili au tatu. Mara ya kwanza anageuza simu kifudifudi na kusikiliza tu, kwa sababu picha huvujisha majibu: ukiona mtu anavaa koti, hujahitaji kuelewa kwamba ameaga. Anaandika alichokipata: nani, wapi, lini, wameamua nini. Kisha anarudia akiwa na manukuu ya Kijerumani, na kila alipopotea anaandika sababu. Sababu huwa tatu. Neno halijui kabisa, au analijua kwa macho lakini sikio halikulitambua, kama pale „haben wir“ inapotamkwa „hamwa“, au maneno yote aliyasikia, ila maana ikampita.

Hii ya tatu ndiyo mtihani huipenda. Chukua ujumbe wa simu wa namna hii: „Wir treffen uns nicht um sechs am Bahnhof, sondern um halb sieben vor dem Kino.“ Msemaji anasema watakutana, si saa kumi na mbili stesheni, bali saa kumi na mbili na nusu mbele ya sinema. Ndani ya pumzi moja zimetajwa saa mbili na mahali pawili, na majibu ya kuchagua yatavitaja vyote. Anayewinda maneno atachagua stesheni kwa sababu ameisikia. Isitoshe, Mjerumani huihesabu nusu saa kuelekea saa inayokuja, hivyo saba iliyotajwa pale ni 6:30, na msikilizaji wa Kiswahili bado ana saa sita za kuongeza kichwani. Sentensi ya pili inaanza akiwa angali anahesabu. Dawa ni kuandika 6:30 kwa tarakimu na kuendelea kusikiliza. Hesabu ya Kiswahili haihitajiki mtihanini.

Kwa daftari lake tulikubaliana kanuni kali. Dakika zenye manukuu ya Kiingereza ni burudani, haziandikwi. Zenye manukuu ya Kijerumani zinaandikwa kama mazoezi. Zinazoingia kwenye hesabu ya mtihani ni zile tu alizosikiliza mara moja bila maandishi, kisha akajibu maswali. Maswali aliandikiwa na mwenzake wa darasani, ya kweli au si kweli, kwa sharti moja: yasitumie maneno yaleyale ya kwenye sauti, kwa kuwa mtihani nao husema jambo hilohilo kwa maneno mengine. Usiku wa saa mbili za tamthilia mara nyingi ulimpa dakika sita za kuandika. Aliona ni dhuluma. Mimi naona ndiyo hesabu ya haki.

Nyimbo niliziondoa kabisa kwenye safu ya kusikiliza. Kijerumani hutofautisha irabu ndefu na fupi: Staat ni dola, Stadt ni mji, na tofauti iko kwenye urefu wa a. Mwimbaji huvuta irabu kwa mahitaji ya tuni, si ya lugha, kwa hiyo wimbo unafifisha kile ambacho sikio linatakiwa kukishika. Faida yake iko mdomoni. Aliyeimba „99 Luftballons“ ya Nena, ya 1983, mpaka ulimi ukaacha kujikwaa, amepata matamshi yatakayomfaa kwenye moduli ya kuzungumza. Aandike dakika zake huko.

Baada ya wiki kumi alifanya jaribio jingine. Sehemu ya kwanza ilibaki palepale, 8. Ya pili ilipanda hadi 4, ya tatu 5, ya nne 5. Jumla 22, yaani alama 73. Mjadala wa sehemu ya nne bado unamsumbua wasemaji wanapokatizana, na Nicos Weg haitamsaidia sana hapo, maana waigizaji wake husubiriana kwa adabu. Kwa hilo amehamia vipindi vya mjadala vya redio.

Nawe ukiamua kuanza, Goethe-Institut hutoa bure mitandaoni seti za mazoezi za B1 pamoja na sauti zake. Ni chache, na seti ukishaisikia haikupimi tena. Tumia moja mwanzoni kujua unapoangukia, na nyingine usiiguse hadi wiki mbili kabla ya mtihani.