Jibu lilikuwa ubaoni, yeye akalizidisha

Mliokuwa ukumbini Jumamosi mliona mtoa mada alivyoanza vizuri kutafuta derivativu ya n ya 1/(x² − 1): alitaja mapema kwamba x haiwezi kuwa 1 wala −1, na derivativu ya kwanza aliitoa bila doa. Nampa haki yake. Lakini uamuzi wa kuikamata 1/(x² − 1) nzima kama ilivyo na kuitwanga kwa kanuni ya mgawanyo mara tatu ulikuwa kosa, na yote yaliyofuata yalitokana nalo.

Tuurudie ubao. Ukiacha ishara, ambayo hubadilika kila hatua, na asili, ambayo ni (x² − 1) yenye kipeo n + 1, kiasi kilisomeka hivi: 2x, kisha 6x² + 2, kisha 24x³ + 24x. Hapo akasimama, akaandika mstari wa tatu kama 24(x³ + x), akatangaza kwamba mtindo umeonekana na kwamba wa nne utakuwa 120(x⁴ + x²).

Mtindo gani? Mstari wa pili ulikuwa bado pale juu ukimkana. Kama huo ndio mtindo, 6x² + 2 ingekuwa 6(x² + 1), na sivyo ilivyo. Alichukua mstari uliompendeza na kuufanya sheria. Tena kulikuwa na jaribio la nusu dakika: weka x = 0. Karibu na sifuri, 1/(x² − 1) ni −(1 + x² + x⁴ + …), kwa hiyo derivativu ya nne pale ni −24. Kiasi cha mtoa mada kinatoa sifuri. Hakuna aliyejaribu.

Nimelalamika miaka nenda rudi juu ya ugonjwa huu wa kurahisisha kila kitu papo hapo, na nitaendelea. Ukizidisha 2 kwa 3 ukaandika 6, umefuta alama za miguu. Anayetafuta mtindo haandiki 24; anaandika 1·2·3·4 na kuacha kila namba ionyeshe ilikotoka. Yule mwalimu wa zamani aliyenifundisha kidato cha tano alikuwa akifuta ubaoni jibu lolote lililozidishwa kabla ya wakati wake.

Na mtoa mada angeliyafanya hayo, hata njia yake mbovu ingemfikisha. Gawa kila kiasi kwa n! uone: 2x, 3x² + 1, 4x³ + 4x. Wa nne wa kweli, 120x⁴ + 240x² + 24, ukigawanywa kwa 24 unatoa 5x⁴ + 10x² + 1. Namba 5, 10 na 1 zinatoka katika pembetatu ya Pascal, safu ya 1, 5, 10, 10, 5, 1, ukichukua moja na kuruka moja. Safu ya 1, 4, 6, 4, 1 inatoa 4 na 4. Huo ndio mtindo, na sababu yake ni kwamba kiasi ni nusu ya n! mara tofauti ya (x + 1) na (x − 1), kila kimoja kikiwa na kipeo n + 1.

Tofauti hiyo ndiyo ingetangulia kama angetenganisha sehemu kwanza: 1/(x² − 1) ni nusu ya 1/(x − 1) kutoa 1/(x + 1). Kila kipande kina derivativu isiyohitaji kubahatisha, maana kila hatua inashusha kipeo kilichopo na kuongeza kimoja katika asili. Jibu zima ni mstari mmoja:

```
(-1)^n · (n!/2) · [ 1/(x-1)^(n+1) − 1/(x+1)^(n+1) ]
```

Kuthibitisha nako ni kudiferenshieti mara moja na kuona n ikigeuka n + 1.

Mtu mmoja aliuliza kuhusu 1/(x² + 1), isiyogawanyika kwa namba halisi, akajibiwa kwamba huko njia ya vipande inakwama. Haikwami. Johann Bernoulli aliigawa asili hiyo mwaka 1702 kwa kutumia namba za kufikirika, wakati wengi bado waliziogopa. Weka i mahali pa 1, igawe tofauti kwa i, na namba zilezile za Pascal zinarudi zikipokezana ishara: derivativu ya pili ina kiasi 6x² − 2. Bernoulli alitazama asili kwanza, kabla ya kushika kanuni yoyote. Jumamosi, asili ilikuwa x² − 1, tofauti ya miraba miwili ambayo kila mtu ukumbini alijua kuigawa.